Maadui watatu, mambo manne

Mwaka juzi nilialikwa kuzungumza kwenye mahafali ya kidato cha nne. Niliambiwa nizungumze dakika kumi na tano kuhusu habari za kwenye simu na namna ya kutambua ya kweli na ya uongo. Nikajiandaa kama mwandishi wa habari anavyojiandaa, yaani nikakusanya kila kitu. Nilikuwa na mambo saba, kila moja na mfano wake. Nilizungumza vizuri tu, watu wakacheka palipostahili kucheka, wakapiga makofi.

Mama yangu alikuwa amekuja kunisikiliza. Njiani tukirudi akaniambia, "Mwanangu, leo umesema mambo mazuri sana." Nikamuuliza lipi limemkaa zaidi. Akanyamaza kidogo, akatazama nje ya dirisha la daladala. "Lile la picha," akasema. "Na lile jingine… si ulisema mambo mengi, bwana."

Basi, kwa uchokozi nikamuuliza: maadui wa taifa aliofundishwa na Mwalimu ni wangapi? Hakufikiri hata sekunde moja. "Watatu. Ujinga, maradhi, umaskini."

Mama yangu alianza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya sitini. Zaidi ya nusu karne imepita. Yangu yalikuwa na saa moja na nusu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma upya historia yetu ya hotuba kwa jicho moja tu, la hesabu. Nani alisema mambo mangapi, na mangapi yakabaki? Nilichokikuta si rahisi kama nilivyodhani. Nilitarajia kuandika kwamba tatu ndiyo namba ya ajabu, nikamaliza. Lakini Mwalimu Nyerere huyohuyo aliyetuachia tatu alituachia pia nne, na nne nayo haikupotea.

Tuanze na tatu. Vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini ilitangazwa tangu siku za uhuru wa Tanganyika, na haikuwa ya Tanganyika peke yake. Kenya nayo ilipopata uhuru ilizungumza juu ya maadui haohao. Na hata nje ya Afrika Mashariki orodha za aina hii zilikuwepo. Mwaka 1942, huko Uingereza, ripoti ya William Beveridge ilitaja majitu matano ya kupigwa vita: uhitaji, maradhi, ujinga, uchafu wa makazi na ukosefu wa kazi. Matatu kati ya hayo matano ni ndugu wa maadui zetu. Siwezi kusema kwamba orodha yetu ilitoka kule. Ninachoweza kusema ni kwamba orodha ya matano ilitufaa pungufu kuliko ya matatu, na ukiziweka pamoja unaona kwa nini.

Sababu ya kwanza ni sikio. Yaseme kwa sauti: ujinga, maradhi, umaskini. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unasikia ji, ra, ski, mapigo matatu. Neno la kwanza na la pili yana silabi tatutatu, la tatu linarefuka kidogo, na msemaji anapata mahali pa kutua. La kwanza na la tatu yanaanza kwa u, la kati linatofautiana. Ukiligeuza na kuanza na umaskini bado linakwenda, lakini linaishia juu juu, kama mtu aliyekatwa kauli.

Sababu ya pili, na kwangu hii ndiyo kubwa, ni kwamba maadui hawa watatu wanajuana. Asiyejua kwamba maji ya mtoni yana vijidudu anaugua. Anayeugua hawezi kulima, anakuwa maskini. Maskini hampeleki mtoto shule, mtoto anabaki mjinga. Tumezunguka tukarudi tulipoanza. Sasa ukimsahau mmoja, wawili waliobaki wanakuonyesha alipo. Mwalimu wa darasa la tatu angeweza kuchora pembetatu ubaoni na kufuta pembe moja, na darasa zima likamjibu. Majitu matano ya Beveridge hayafungamani hivyo. Ukisahau moja, hakuna kinachokurudisha kwake isipokuwa karatasi.

Sababu ya tatu ni kwamba kila adui alikuwa na mahali pake pa kupigwa. Shule na kisomo cha watu wazima kwa ujinga. Zahanati kwa maradhi. Shamba kwa umaskini. Mtu wa kijijini hakuhitaji kukumbuka hotuba. Alipoona zahanati inajengwa alikumbushwa.

Sasa njoo kwenye nne. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Ndani yake maadui watatu wamo, katika madhumuni ya chama. Lakini mbele kidogo, Azimio linapoeleza nchi inahitaji nini ili iendelee, linataja mambo manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mama yangu nilipomuuliza hayo pia akayataja yote manne, kwa mpangilio huohuo.

Nikakwama hapo kwa wiki kadhaa. Ikiwa sikio linapenda tatu, hii nne ilipitaje?

Jibu nililipata siku moja nikiyasema huku natembea. Si nne. Ni mbili na mbili. Watu, ardhi: neno mojamoja, vitu unavyoweza kuvigusa. Siasa safi, uongozi bora: maneno mawilimawili, jina na sifa yake, vitu unavyoweza kuvitaka tu. Mguu wa kulia, wa kushoto. Wa kulia, wa kushoto. Jambo la tano lingeharibu mwendo. Kwa hiyo aliyepanga orodha ile hakuvunja kanuni ya tatu kwa kutojali. Kama nne hazikwepeki, alizigawa jozi mbili, na akazipa kila jozi umbo lake.

Linganisha na yaliyokuja baadaye. Mwaka 2009 tulipewa Kilimo Kwanza. Jina lilishika, na mpaka leo watu wanalitaja, wengine kwa utani. Kilikuwa na nguzo kumi. Nimewauliza wenzangu wawili walioandika habari zake wakati ule. Mmoja alikumbuka mbili, mwingine alikumbuka kwamba zilikuwa kumi. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliandika kuhusu R nne. Kwa Kiingereza ndoano ni ile herufi, maana maneno yote manne yanaanza nayo. Kwa Kiswahili ni maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya, na ile R haimo hata kwenye mwanzo wa neno moja. Ndoano ilibaki upande wa pili wa tafsiri. Ndiyo maana unasikia watu wengi wanasema "zile R nne" na wachache wanaziorodhesha. Orodha inayotaka kukumbukwa lazima ifungwe katika lugha itakayosikilizwa.

Haya mambo ya kuhesabu hoja si mapya. Kuna kitabu cha Kilatini cha karne ya kwanza kabla ya Kristo, Rhetorica ad Herennium, ambacho mwandishi wake hajulikani kwa hakika. Kinafundisha kusema mahakamani. Kinapofika mahali ambapo msemaji anatangaza atazungumzia mambo mangapi, kinasema yasizidi matatu. Nilidhani sababu itakuwa kumbukumbu ya msikilizaji. Sivyo. Kinasema kwamba ukizidisha, kuna hatari ya kutaja zaidi au pungufu ya ulichotangaza, na tena msikilizaji ataanza kushuku kwamba umekuja na jambo la kupangwa, na imani yake itapungua. Kwa maneno mengine, kwao tatu ilikuwa ukomo wa kuaminika. Ukitaja mambo saba, watu wanakuona umeyatafuta.

Zaidi ya karne moja na nusu baadaye Quintilianus, mwalimu maarufu wa ufasaha huko Roma, aliipinga amri hiyo. Alikubali kwamba orodha ndefu inamponyoka hakimu. Lakini alisema huwezi kuifanya tatu kuwa sheria, kwa sababu kesi yenyewe inaweza kudai zaidi. Nilipoyasoma hayo niliona kama anagombana na mimi.

Na kuna Cicero. Mwaka 63 kabla ya Kristo, akiwa konsuli, alimtetea Murena, aliyeshinda uchaguzi wa ukonsuli wa mwaka uliofuata na kushtakiwa kwa rushwa ya uchaguzi. Cicero akawaambia mahakimu kwamba mashtaka yote yana sehemu tatu: maisha ya Murena, hadhi yake ikilinganishwa na ya mpinzani wake, na makosa ya uchaguzi. Ni mgawanyo safi kabisa, mpaka Quintilianus anautoa kama mfano. Lakini utazame tena. Kilichoweza kumtia Murena hatiani kilikuwa kimoja tu, rushwa. Kwa kuihesabu pamoja na mambo mawili ambayo hayakuwa na uzito, Cicero aliifanya iwe theluthi. Na akaiweka mwisho, baada ya kuwachekesha mahakimu kwa muda mrefu juu ya hayo mengine. Murena aliachiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa tatu. Inasaidia kukumbuka, kweli, lakini inasawazisha pia. Ukiweka vitu vitatu kwenye mstari mmoja, msikilizaji anavipa uzito sawa bila kuulizwa.

Tena inatupa. Tarehe 13 Mei 1940, Winston Churchill aliliambia Bunge la Uingereza kwamba hana cha kutoa ila damu, kazi ngumu, machozi na jasho. Ni mambo manne. Dunia inakumbuka matatu: damu, jasho na machozi. Hata sisi kwa Kiswahili tunasema hivyohivyo. Kila mkongwe wa siasa aliyejenga chama chake alikijenga kwa damu, jasho na machozi. Utatu huo ulikuwepo katika maandishi ya Kiingereza kabla yake, na masikio ya watu yaliichukua nne yake yakaikata ifanane na kile yalichokwisha kukijua. Kilichokatwa ni kazi ngumu. Yaani katika yote manne, lile moja ambalo raia wa kawaida aliombwa alifanye kesho yake asubuhi ndilo lililoanguka njiani.

Hili la kuanguka njiani nalijua kwa sababu niliwahi kuliangusha mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilitumwa kuripoti mkutano wa kijiji kuhusu mbolea ya bei nafuu. Ofisa aliyezungumza alitaja masharti manne: uwe umejiandikisha kwenye daftari la kijiji, uje mwenyewe, uje na fedha taslimu, na uje na namba yako ya usajili. Nikaandika habari, mhariri akataka ifupishwe isomwe redioni. Nikaona masharti manne yanasikika vibaya. Kujiandikisha na namba ya usajili vilionekana kwangu kitu kimoja, nikaviunganisha: ujiandikishe, uje mwenyewe, uje na fedha. Nilijisifu kimoyomoyo. Ilisomwa, ikasikika vizuri.

Wiki mbili baadaye nilirudi eneo lile kwa habari nyingine. Mzee mmoja akanitambua. Alinieleza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, kwamba alikuwa amejiandikisha, akaenda mwenyewe, akaenda na fedha. Alitembea tangu alfajiri. Kule ghalani wakamwuliza namba, hakuwa nayo; karatasi ilikuwa nyumbani chini ya godoro. Aliporudi kesho yake mifuko ilikuwa imekwisha. "Redio ilisema matatu," akaniambia. "Nikayashika yote matatu."

Kwa hiyo swali la tatu au nne si la mapambo. Kuna orodha za kukumbusha na kuna orodha za kutekeleza. Ya kukumbusha unaweza kuipunguza, kwa sababu kazi yake ni kumpa msikilizaji mahali pa kuanzia kufikiri. Ya kutekeleza huwezi, kwa sababu kila kipande kikikosekana, kazi yote inakwama. Masharti ya mbolea yalikuwa ya kutekeleza. Nilipaswa kuyaacha manne na kuyapanga kama Azimio lilivyopanga yake: kabla ya kwenda, jiandikishe na uandike namba yako; siku ya kwenda, nenda mwenyewe na fedha mkononi. Mbili na mbili. Lingenigharimu sekunde nne za redio.

Na maadui watatu wenyewe, walimwacha nani nje? Tazama vizuri: hawana sura. Ujinga hauna jina la mtu, maradhi hayana, umaskini hauna. Ni maadui ambao unaweza kuwatangazia vita mbele ya yeyote, tajiri na maskini, na asikasirike mtu. Hiyo ni faida kubwa kwa taifa jipya. Lakini ndiyo kasoro pia, kwa sababu wengine wanakuwa maskini kwa kuwa kuna mtu anawanyonya. Azimio la 1967 lilikuja kulisema hilo kwa sauti, likazungumza juu ya unyonyaji na kuwawekea viongozi masharti: wasiwe na hisa katika makampuni, wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha. Unyonyaji, hata hivyo, haukupata kuwa adui wa nne katika wimbo wa darasani. Pembetatu ilikuwa imejaa.

Rushwa nayo ina historia hiyohiyo. Katika ahadi za mwanachama wa TANU iliitwa adui, adui wa haki, tangu zamani. Siku hizi nasikia mara kwa mara msemaji akisimama na kusema "maadui watatu wa taifa, na sasa tuongeze wa nne, rushwa." Anapigiwa makofi. Ukimwuliza mtu kesho yake maadui wa taifa ni wangapi, atakwambia watatu, na atawataja walewale. Sidhani ni kwa sababu watu hawaichukii rushwa. Ni kwa sababu imeletwa kama kiti cha ziada, nje ya duara. Haikuonyeshwa inavyoshikana na wenzake: kwamba fedha ya dawa ikiibwa maradhi yanabaki, fedha ya madawati ikiibwa ujinga unabaki. Aliyetaka kuiingiza kweli alipaswa kuuvunja utatu na kuusuka upya, au kuisimamisha rushwa peke yake, hoja moja, hotuba nzima.

Mwaka jana walinialika tena shule ileile. Safari hii nilichukua yale mambo yangu saba nikayaandika kila moja kwenye kikaratasi, nikayatandaza mezani. Nani ameandika. Nani ameshuhudia. Je, vyombo vingine vimeandika? Tarehe ni ya lini? Picha ni ya siku hiyo au ya zamani? Nani anafaidika nikiamini? Na la mwisho, usisambaze ukiwa na hasira. Kisha nikajiuliza: haya ni orodha ya kukumbusha au ya kutekeleza? Ni ya kukumbusha. Mwanafunzi akikumbuka hata moja wapo kabla hajabonyeza, amepona kwa kiasi.

Nikavisogeza vikaratasi. Mwandishi, shahidi na vyombo vingine vyote vinajibu swali la nani. Tarehe na picha vinajibu lini. Anayefaidika na hasira yangu vinajibu kwa nini: kwa nini imeandikwa, na kwa nini naituma. Nani, lini, kwa nini. Sikutupa hata kikaratasi kimoja. Niliwapa tu milango ya kuingilia. Nikajipima kama vinashikana: ukijua nani na lini, kwa nini inaanza kujitokeza yenyewe, hasa ikiwa picha ni ya miaka mitano iliyopita na uchaguzi ni kesho. Nikatangaza mwanzoni kwamba nina maswali matatu, nikanyoosha kidole kwa kila moja nilipolifikia, na mwisho nikayarudia yote bila kuongeza maneno. Cicero aliwahi kumtania mwenzake Hortensius kwa kuhesabu hoja kwa vidole. Naye acheke.

Mama alikuwepo tena. Kwenye daladala sikumwuliza kitu, niliogopa. Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa amepokea ujumbe kwenye simu, kwamba soko la mtaani kwetu limeungua, na picha ya moshi mweusi. Aliishika simu mbali na macho, akanyoosha kidole gumba.

"Nani," akasema. "Ni jirani, naye katumiwa." Kidole cha pili. "Lini… haijaandikwa." Akasita kwenye cha tatu, akanigeukia. "Cha tatu ni nini vile?"

Kabla sijajibu akaitazama tena ile picha. "Mbona hilo paa la soko ni la zamani, kabla hawajajenga lile jipya? Sasa kwa nini anituletee leo?"

Akaizima simu, akairudisha kwenye mkoba.